Hamsini ya Kwenye Chupa Si Saa

Mwalimu mlezi, wanaklabu wenzangu wa afya, leo nilipewa dakika chache kuzungumzia sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, na mafuta ya ngozi. Nitazitumia karibu zote kwenye namba moja, kwa sababu bwenini nimeisikia ikielezwa vibaya mara nyingi mno: "Hii ni SPF hamsini, dada, ukipaka asubuhi umemaliza hadi jioni." Mwingine akasema hamsini ina nguvu, kwa hiyo inatosha watu wawili.

SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya mionzi ya jua inayounguza ngozi. Basi, hiyo ndiyo maana yake. Namba inataja sehemu ya mionzi hiyo inayopenya, wala haihusiani na saa. Losheni ya 30 hupitisha sehemu moja kati ya thelathini, yaani kama asilimia tatu. Ya 50 hupitisha moja kati ya hamsini, yaani asilimia mbili. Mnaona tofauti ilivyo ndogo? Anayelipa bei kubwa akidhani ya 50 inakaribia kuwa na nguvu maradufu ya 30, amenunua asilimia moja na ushei. Na zote mbili hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukijifuta kwa taulo. Tena namba hiyo inasemea zaidi mionzi ya UVB, ile inayobabua. Ya UVA, inayopenya ndani zaidi na kuchangia madoa usoni, tafuteni maandishi yake pembeni: "broad spectrum", au herufi UVA ndani ya kiduara.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Maabara huipata namba hiyo kwa kupaka miligramu mbili za losheni kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa lugha ya bwenini, ni nusu kijiko cha chai kwa uso na shingo, na nusu nyingine kwa kila mkono, kuanzia begani hadi vidoleni. Sisi tunachovya kidogo kwa ncha ya kidole, tunapaka puani na mashavuni, kisha tunaisomea chupa kwa kujiamini. Ukipaka nusu ya kiasi, kinga hushuka hadi karibu nusu au chini ya hapo. Hamsini yako imeshakuwa kitu kingine, ingawa chupa bado inasema hamsini.

Tupige hesabu ya siku ya mazoezi ya UMISSETA. Uso, shingo na mikono miwili ni kijiko kimoja na nusu, yaani kama mililita saba na nusu. Chupa ya mililita 50 inatoa mipako sita tu, na miguu bado hatujaigusa. Wasichana wanne wakichangia chupa moja, mpako wa kwanza unakula mililita 30. Saa mbili baadaye zimebaki 20, na wanne wanahitaji 30 nyingine. Kitakachotokea mnakijua: kila mmoja atapaka kiduchu, wote wataungua kidogo, kisha watasema losheni ni feki.

Kwa mwenzetu mwenye ualbino hesabu hiyo ni nzito zaidi. Wengi wetu tuna melanini inayotukinga kiasi. Yeye hana kinga hiyo ya kutosha, na saratani ya ngozi kwake ni hatari ya kweli. Ndiyo maana Moshi, pale hospitali ya KCMC, ilianza kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Chupa yake ni dawa yake. Kumwomba "kidogo tu" ni kumpunguzia dozi.

Kopo la mdomo mpana lina shida nyingine. Kidole kilichotoka kuminya chunusi kikichovya humo, huacha bakteria, na anayefuata hujipaka. Mafuta ya mdomo ni mabaya zaidi, kwani virusi vya malengelenge ya mdomoni huhama kwa njia hiyo, hata kidonda kikiwa bado hakijajitokeza vizuri. Krimu ikibadilika harufu au ikijitenga maji na mafuta, itupeni. Sanskrini iliyojitenga haisambazi tena kinga yake sawasawa, kwa hiyo hata namba yake haiaminiki.

Mtaniuliza kuhusu chupa ya pampu, ambayo hakuna anayetia kidole ndani. Kwa vijidudu, ni afadhali, mradi mdomo wa pampu usiguse ngozi. Kwa kiasi, bado inaisha. Kwa hiyo yule dada aliyesema hamsini inatosha wawili, mwambieni taratibu, bila kumcheka: ukiigawa hamsini, kila mmoja hapati ishirini na tano. Mnapata chupa iliyoisha kabla ya mapumziko ya saa nne.