Chemba ya mafuta ni nini, na uchafu wake huenda wapi

Chemba ya mafuta ni kisanduku au kishimo kilichojengewa kati ya sinki la jikoni na shimo la maji taka, ili mafuta yabaki humo na maji yapite. Mafundi wengine huiita grisi trapu. Haina mota wala chujio. Inafanya kazi kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, basi maji yakitulia, mafuta huelea juu, wali na mifupa ya samaki huzama chini, na katikati hubaki maji yenye afadhali. Bomba la kutokea halichoti juu. Lina kiwiko kinachoshuka hadi hapo katikati, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka.

Neno kubwa hapo ni kutulia. Maji yakipita mbio, mafuta hupita nayo. Ndiyo maana kisanduku kidogo cha chini ya sinki hakiwezi kutumikia jiko la hoteli linaloosha sufuria nne kwa mpigo, hata kikisafishwa kila siku. Maji ya moto na sabuni nyingi nayo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno yasiyowahi kupanda juu.

Kwetu Pwani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mafundi havilitaji, nalo ni tui. Tui la nazi ni mafuta yaliyokwisha kugawanyika ndani ya maji kwa matone madogo. Ukiliacha kwenye bakuli huchukua saa nyingi kabla zito halijapanda juu, ilhali maji ndani ya chemba hukaa labda nusu saa. Kwa hiyo mabaki ya mchuzi wa nazi yakimwagwa kwenye sinki, sehemu kubwa hupita tu. Dawa yake ni mwiko wa mpira na ndoo ya makombo: sufuria ikwanguliwe kwanza, ndipo ioshwe. Machicha nayo yasiingie sinki kabisa, hujaza chini haraka kuliko kitu kingine chochote.

Kwa nini tujisumbue? Majengo mengi ya Malindi hayajaunganishwa na bomba la maji taka. Maji ya jikoni huingia septiki, kisha shimo la kufyonza lililochimbwa kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Shimo hilo huishi kwa vitundu vya udongo wake. Mafuta yakifika huko hupoa, hushika kuta, na utando wa vijidudu hujengeka juu yake mpaka maji hayapiti tena. Bomba lililoziba utalizibua kwa waya. Shimo lililoshikwa na mafuta halizibuliki. Utaita gari linyonye shimo leo, na baada ya siku chache shimo limejaa tena, kwa sababu kilichoharibika ni ukuta wenyewe. Mwisho wake ni kuchimba shimo jipya, kama nafasi ipo.

Sasa, isafishwe lini? Kanuni inayotumiwa sana ni ya robo: jumlisha unene wa mafuta ya juu na wa tope la chini, na ukifika robo ya kina cha maji, chemba imejaa. Haijalishi kwamba macho yanaona nafasi bado ipo. Maji ya katikati yamebaki kidogo, yanapita haraka, hayatulii.

Kupima si kazi. Tafuta bomba la plastiki linaloonyesha ndani, urefu wa mita moja na nusu hivi. Lididimize polepole hadi sakafuni, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, kisha livute. Utaona tabaka tatu zimesimama ndani yake. Usitegemee kuona gamba gumu juu. Mafuta ya mgando huganda, lakini mafuta ya maji ya kukaangia viazi karai na bajia, kwa joto letu, hubaki laini kama uji, na kijana asiyejua atakwambia chemba ni safi.

Chukua chemba moja niliyoipima, ya mkahawa wa samaki: urefu sentimita 120, upana 60, kina cha maji 80. Ni lita 576. Robo ya kina ni sentimita 20. Siku 14 baada ya kusafishwa, bomba lilionyesha mafuta sentimita 9 na tope 5, jumla 14. Yaani sentimita moja kila siku, na siku ya 20 ingekuwa imefika kikomo. Tukapanga isafishwe kila baada ya wiki mbili, siku ambayo jiko halina watu wengi, na kila wiki msimu wa wageni wa Desemba. Mwenyewe alikuwa akisubiri harufu ndipo aite mtu. Harufu hufika ikiwa imechelewa.

Tena harufu hiyo, ile ya yai viza, ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, nayo huua. Ikizidi, pua huacha kuisikia. Basi funua mfuniko, acha hewa iingie kwa muda, usiinamishe kichwa ndani, na kwa chemba kubwa asishuke mtu kamwe.

Kusafisha ni kutoa vyote: mafuta kwa bakuli, kisha maji, kisha tope, kisha kukwangua kuta na kiwiko. Kijana mmoja aliniuliza, “Mzee, si tutoe mafuta ya juu tu?” Hapana, tope likiachwa huoza na kula saruji. Ukimaliza, jaza chemba maji safi kabla jiko halijaanza kazi. Hili husahauliwa sana. Chemba tupu haina maji ya kuyaelesha mafuta mbali na bomba la kutokea. Na magadi makali au maji yanayochemka yasimwagwe humo ati kuyeyusha, kwani unayahamishia tu mafuta kwenye shimo.

Katika ile chemba, kila safari mafuta yalikuwa kama lita 65 na tope lita 36, sawa na mitungi mitano ya lita 20. Yaende wapi? Yasichanganywe na mafuta yaliyokwisha kukaangia, ambayo huchujwa, huwekwa kwenye mtungi wake na hupata mnunuzi wa kutengeneza sabuni au dizeli. Mafuta ya chemba yameoza, yana asidi, maji na sabuni. Hayafai kulisha mifugo, na kuyarudisha jikoni ni uhalifu. Viwanda vinavyoyapokea huyapasha moto hadi yajitenge: mafuta huwa kuni za boila, au dizeli baada ya asidi kushughulikiwa, na tope huingizwa kidogo kidogo kwenye mtambo wa biogesi, kwa maana likizidi huwalemaza vijidudu wanaotengeneza gesi.

Kwa mkahawa wa kawaida, anayeyachukua ni gari la kunyonya. Kenya, msafirishaji wa taka anapaswa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na karatasi ya ufuatiliaji inayoonyesha zilikotoka na zilikoshushwa. Iombe karatasi hiyo kabla ya kulipa, si baada. Dereva anayekutoza nusu ya bei ya wenzake na hana karatasi, huenda anamwaga kichakani nyuma ya visima vya watu.

Kibanda chenye kisanduku kidogo cha lita 40 hakihitaji gari. Mafuta yake huchanganywa na unga wa mbao mpaka yakauke, yakatiwa kwenye mfuko na kwenda na taka ngumu.