Kwa nini CNAME haikai kwenye domeni tupu, na uweke nini badala yake

Umenunua domeni, tuseme `duka.example`. Tovuti umeiweka kwa kampuni fulani, yaani mwenyeji wako, nayo inakwambia uelekeze jina lako kwa `wavuti.mwenyeji.example` kwa kutumia CNAME. Unaiweka kwa `www`, inakubali mara moja. Unajaribu kuiweka kwa `duka.example` yenyewe, bila kitu mbele, na paneli inagoma. Wengi hudhani paneli ni mbovu, kumbe hapo imekuokoa.

CNAME ni lakabu. Ukiandika kwamba `www.duka.example` ni CNAME ya `wavuti.mwenyeji.example`, hujasema tovuti iko kwenye anwani gani ya IP. Umesema jina la kwanza ni jina la kupanga tu, mwenyewe ni yule wa pili, na kila swali linalomhusu wa kwanza likaulizwe kwa wa pili. Neno la kushika hapo ni "kila". Watu huichukua CNAME kama njia ya kuelekeza tovuti, lakini DNS, mfumo unaojibu maswali ya majina ya mtandao, haijui tovuti ni nini. Anayeuliza anwani ya IP atapelekwa kwa wa pili, na anayeuliza barua pepe zipokelewe wapi atapelekwa huko huko.

Kwa sababu hiyo, waraka wa msingi wa DNS, RFC 1034 alioandika Paul Mockapetris mwaka 1987, unasema jina lenye CNAME lisiwe na data nyingine. Waraka unatoa na sababu: habari za jina asili na za lakabu zake zisije zikapishana, na seva iliyokwisha kuihifadhi CNAME iweze kuitumia bila kurudi kuuliza kila aina ya rekodi upya. (Rekodi za usalama za DNSSEC ziliruhusiwa baadaye kukaa pamoja nayo, lakini hizo hazibadilishi kitu hapa.)

Sasa itazame domeni tupu. Hilo ndilo jina la kilele cha ukanda wako wa DNS, yaani fungu la rekodi unalolisimamia, na kilele hakiwezi kuwa kitupu. Lazima kiwe na SOA, yaani rekodi inayotambulisha ukanda wenyewe, na NS zinazotaja seva zinazoujibia. Bila hizo hakuna ukanda. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, `duka.example` tayari ina data nyingine, na CNAME haina pa kukaa. Tena sharti hili halitokani na ufupi wa jina. Ukiukabidhi `blogu.duka.example` kwa seva nyingine uwe ukanda unaojitegemea, nao unakuwa kilele na kuzuiwa vilevile.

Kuna paneli zisizozuia. Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa namna ya kusumbua kichwa. Niliwahi kuitwa kwa mtu ambaye tovuti yake ilifunguka vizuri kabisa, lakini barua pepe za wateja nyingine zilifika na nyingine zilipotea. Siku nzima tulishuku boksi la barua, kumbe tatizo lilikuwa CNAME kwenye domeni tupu, imekaa bega kwa bega na MX, rekodi inayosema barua pepe zipokelewe wapi.

Lilitokea hivi. Mteja wa kwanza alifungua tovuti. Seva inayotafutia mtandao wake majina iliuliza anwani ya `duka.example`, ikajibiwa: hiyo ni lakabu ya `wavuti.mwenyeji.example`. Ikalihifadhi jibu hilo kwa muda uliopangwa kwenye TTL, sekunde 3600. Ndani ya saa hiyo mtu akatuma barua pepe kupitia seva ileile. Swali la MX lilipokuja, seva haikwenda kuuliza tena. CNAME ilikuwa mkononi, ikaifuata hadi `wavuti.mwenyeji.example` na kutafuta MX huko. Haikuwepo. Barua ikapelekwa kwenye seva ya tovuti isiyojua habari za barua, ikakataliwa. Mtumaji mwingine, ambaye seva yake haikuwa imehifadhi CNAME, aliuliza MX moja kwa moja, akapewa iliyo sahihi na barua yake ikafika. Seva zote mbili zilikuwa sahihi kwa mujibu wa majibu ziliyopewa. Rekodi ya TXT yenye SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, hupotea kwa njia hiyohiyo.

Ukitaka kukagua domeni yako:

```
dig duka.example CNAME +short
dig duka.example MX +short
```

Amri ya kwanza isirudishe kitu. Ikirudisha jina, umempata mchawi wako, hata kama ya pili inaonyesha MX nzuri.

Uweke nini basi? Njia ya kawaida ni rekodi ya A, na AAAA kwa IPv6, zenye anwani za IP ambazo mwenyeji wako amezitangaza kwa ajili ya domeni tupu. GitHub Pages, kwa mfano, hutoa nne za A, kuanzia `185.199.108.153` hadi `185.199.111.153`. Udhaifu wake ni kwamba anwani sasa umeibandika kwa mkono. Mwenyeji akihama, `www` yenye CNAME itamfuata, domeni tupu itabaki kwenye nyumba iliyohamwa. Ukiona `www` inafunguka na jina tupu halifunguki, anza kukagua hapo.

Njia ya pili hutolewa na kampuni ya DNS yenyewe. Wengine huiita ALIAS, wengine ANAME, Route 53 ya Amazon ina rekodi zake za alias, na Cloudflare wana wanachokiita CNAME flattening. Majina ni mengi, wazo ni moja: kwenye paneli unaandika jina la mwenyeji, lakini anayeuliza haonyeshwi lakabu. Seva ya DNS huenda yenyewe kutafuta anwani, kisha humjibu kwa rekodi ya A ya kawaida. SOA, NS na MX hukaa salama. Mimi ningechagua hii ikiwa kampuni yako inayo, ila ujue mambo mawili. Si rekodi ya kiwango cha kimataifa, kwa hiyo ukihamia kampuni nyingine huenda usiweze kuibeba. Pia, mwenyeji anayetoa anwani tofauti kulingana na mahali swali linapotoka anaweza kuona mahali pa seva yako ya DNS badala ya pa mgeni, na mgeni wa Mwanza akapewa seva ya mbali.

Kama hamna ALIAS, fanya `www` iwe anwani kuu ya tovuti na domeni tupu iwe mlango wa kupita tu:

```
duka.example.      A      203.0.113.10
duka.example.      MX 10  barua.jina.example.
www.duka.example.  CNAME  wavuti.mwenyeji.example.
```

Kwenye `203.0.113.10` pawe na seva ndogo ya wavuti inayompeleka mgeni `www` kwa jibu la 301. DNS haiwezi kufanya kazi hiyo, na hapa wengi huteleza. Huteleza pia kwa kusahau kwamba seva hiyo inahitaji cheti cha `duka.example`, maana kivinjari kinachofungua `https://` hukagua cheti kabla ya kusoma jibu la kukihamisha. Bila cheti mgeni ataona onyo jekundu na wala hatafika `www`.

Ipo pia rekodi mpya iitwayo HTTPS, iliyowekwa rasmi na RFC 9460 mwaka 2023. Ina hali ya lakabu inayokubalika kwenye kilele, kwa kuwa inahusu wavuti tu na haigusi MX. Lakini si kila kivinjari kinaifuata hali hiyo, kwa hiyo A bado utaihitaji kando yake.