Je, wajua kwa nini upungufu wa chuma humkosesha mtoto usingizi?

"Mwanangu ana miezi 20. Kila usiku anarusha miguu na kuamka, na daktari ameagiza apimwe madini ya chuma. Chuma na usingizi, wapi na wapi?"

Ubongo hutumia chuma kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mijongeo ya mwili. Chuma kikipungua ubongoni, kazi hiyo huvurugika, na baadhi ya watu hupatwa na hali ya miguu isiyotulia, yaani hamu kubwa ya kusogeza miguu inayoanza mtu anapopumzika, huzidi jioni na usiku, na hupungua akitembea. Mtu mzima atasema anahisi sisimizi wanamtambaa ndani ya miguu. Mtoto wa miezi 20 hana maneno hayo: husugua nyayo kwenye godoro, husukuma ukuta kwa visigino, na hutulia akikandwa mashavu ya miguu. Kwa hiyo daktari huuliza pia kama mzazi au ndugu ana shida hiyo, maana hurithiwa. Mateke peke yake si ushahidi, kwani hata kukoroma au kuwashwa na minyoo humwamsha mtoto.

Linalowapotosha wengi ni kipimo cha wekundu wa damu. Tuseme mtoto huyo ana kilo 10, hunywa maziwa ya ng'ombe karibu lita moja kwa siku na chakula hakimpendezi. Himoglobini yake, yaani huo wekundu wa damu, ni gramu 11.4 kwa desilita, hivyo wazazi huambiwa damu inatosha. Lakini ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma, ni mikrogramu 14 kwa lita. Akiba huisha kabla damu haijapungua. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu chini ya 12 kwa mtoto mwenye afya wa umri huu, ilhali madaktari wa usingizi, akiwa na dalili za miguu, huanza kufikiria tiba ikiwa chini ya 50. Jihadhari na jambo moja: homa au maambukizi hupandisha ferritini, na namba nzuri iliyopimwa wakati mtoto anaumwa inaweza kuficha upungufu.

Nawasihi wazazi wasinunue dawa ya chuma kwa kukisia. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa, mahali penye malaria nyingi, watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao. Ndiyo maana palipo na malaria chuma huenda sambamba na kuikinga na kuitibu.

Tiba ikithibitishwa, daktari huweza kuagiza miligramu 3 za chuma chenyewe kwa kila kilo kwa siku, yaani 30 kwa mtoto wetu, apewe mbali na maziwa na chai, ikiwezekana pamoja na maji ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisiwatishe. Chupa iwekwe asipoifikia, kwa sababu chuma kingi ni sumu kali kwa mtoto. Maziwa nayo yapunguzwe, ili apate njaa ya kula maini, dagaa na maharage. Akiba hujaa polepole, hivyo ferritini hupimwa tena baada ya miezi 3 hivi; ikiwa imepanda na mtoto bado anaamka vilevile, chanzo kitafutwe kwingine.