Pleti ya gaseti: dhana tatu zinazopotosha hesabu

Tuchukue ghala la fremu ya chuma huko Kizota, Dodoma. Bresi za mshazari zimefungwa kwenye kona ya nguzo na boriti kwa pleti ya gaseti ya milimita 10, chuma cha S275, yaani kinachohimili megapaskali 275 kabla ya kunyumbuka bila kurudi. Upepo ukigeuka, bresi iliyokuwa ikivutwa sasa inasukumwa. Dodoma imo pia kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na tetemeko hufanya hivyohivyo kwa kasi zaidi. Kwa hiyo pleti lazima ikaguliwe kwa mvuto na kwa msukumo. Tuseme nguvu ya msukumo ni kN 500.

Dhana: pleti yote inabeba mzigo, kwa hiyo ikiwa pana zaidi ni imara zaidi.

Si kweli. Nguvu inaingia kupitia bolti na kutawanyika taratibu. Majaribio ya mtafiti Whitmore, yaliyochapishwa mwaka 1952, ndiyo yaliyotupa kanuni inayotumika mpaka leo: anzia safu ya kwanza ya bolti, yaani ile iliyo mbali zaidi na kona, chora mstari wa nyuzi 30 kila upande, kisha pima upana pale mistari hiyo inapofika kwenye safu ya mwisho. Huo ndio upana unaofanya kazi.

Bresi yetu ina mistari miwili ya bolti za M20 iliyoachana milimita 80, na kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho ni milimita 210. Upana ni 80 + 2 × 210 × tan 30°, yaani karibu milimita 322, au 161 kila upande wa mhimili. Lakini upande mmoja pleti imekatwa milimita 130 tu kutoka kwenye mhimili. Chuma ambacho hakipo hakibebi kitu, hivyo tunabaki na 161 + 130 = milimita 291. Kosa hili ni la kawaida: mchoro wa ofisini unaonyesha pleti nzima, halafu karakana inakata kona ili ipishe kitu kingine, na hakuna anayerudia hesabu.

Kwa kikomo cha chuma kunyumbuka bila kurudi: 0.9 × 291 × 10 × 275, ambapo 0.9 ni kipunguzi cha usalama, inatoa kN 720. Inapita. Kwa mvuto, toa pia matundu ya bolti na kagua eneo linalobaki.

Dhana: pleti ni fupi, haiwezi kupinda.

Hapa ndipo pleti nyingi zinapoangukia, kwa sababu watu huishia kwenye ile 720 na kufunga daftari. Kati ya bolti ya mwisho na uso wa nguzo au boriti kuna kipande cha chuma chembamba, na kikisukumwa kinataka kutoka pembeni kama nguzo ndogo. Mhandisi Thornton alipendekeza kupima urefu wake sehemu tatu, kutoka katikati na kutoka ncha mbili za ule upana, kwa kufuata mwelekeo wa bresi, kisha kuchukua wastani. Kwetu ni 310, 120 na 230, wastani milimita 220.

Nusukipenyo cha mzunguko cha pleti, kipimo cha jinsi inavyopinga kupinda, ni unene kugawanya kwa √12, yaani milimita 2.89. Sasa swali gumu: kizidishi cha urefu, K, ni ngapi? Ncha ya bresi ikizuiwa isiyumbe nje ya bapa la fremu, 0.65 inakubalika. Uwiano wa wembamba, yaani K mara urefu kugawanya kwa 2.89, unakuwa karibu 50, na kwa fomula ya nguzo ya kanuni za Marekani (AISC) uwezo ni karibu kN 624. Lakini kama ncha hiyo inaweza kuyumba pembeni, K ni 1.2. Uwiano unapanda hadi 91 na uwezo unashuka hadi kN 442, chini ya 500. Pleti ileile, bolti zilezile, imefeli.

Mimi nisipoona kitu kinachoizuia ncha hiyo, natumia 1.2 bila kusita. Dawa hapa ni unene. Pleti ya milimita 12 inapanda hadi karibu kN 616, ongezeko la asilimia 39 kwa milimita 2 tu, kwa sababu unene unaongeza eneo na kupunguza wembamba kwa pamoja. Kuipanua pleti nje ya ile mistari ya nyuzi 30 kusingeongeza chochote.

Angalizo moja: bresi ikifungwa upande mmoja tu wa pleti, nguvu haipiti katikati ya unene. Inaikunja pleti tangu mwanzo, na hesabu hii peke yake haitoshi.

Dhana: ikiwa imebeba miaka yote, iko salama.

Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W la Minneapolis, Marekani, lilianguka na kuua watu 13. Uchunguzi ulikuta gaseti za baadhi ya viungo zilikuwa na unene wa nusu inchi, nusu ya uliohitajika. Daraja lilikuwa limesimama miaka 40. Picha za miaka kabla ya ajali zilionyesha gaseti hizo zimeshabenuka.

Kwenye ghala, weka rula ndefu iliyonyooka kwenye ukingo huru wa pleti, ule usiochomelewa. Mwanga ukionekana katikati, au rangi ikiwa imepasuka kwa mistari karibu na bolti ya mwisho, pima unene halisi na urudie hesabu kabla ya msimu wa upepo.