Kidonge cha jimu: kijue kwanza ndipo umwambie aache

Vijana wanaokuja kwenye dirisha la duka la dawa huwa hawasemi kwamba wanatumia steroidi. Husema wana "vya kujazia", na vidonge vyenyewe vimo kwenye kifuko cha plastiki kisicho na jina, nambari ya toleo wala tarehe. Kwa hapa kwetu, kifukoni humo mara nyingi mna moja kati ya dawa mbili zisizofanana hata kidogo, na namna ya kuziacha pia ni mbali mbali. Ndiyo maana "acha leo hii", jibu letu la haraka, huenda likamdhuru mtu.

Tuseme kaja kijana wa miaka 22 kutoka Mwanakwerekwe. Anakunywa vidonge viwili kwa siku, wiki ya sita sasa, na anaulizia dawa ya kusafisha ini. Kwanza msogeze pembeni, maana mbele ya wateja hatosema kitu. "Karibu mwanangu. Mimi si polisi, na kwenu sitosema. Nataka kujua unakunywa nini tu." Usimuulize kauziwa na nani, akishahisi unamtafuta muuzaji, mazungumzo yamekwisha.

Kisha muulize mwili unavyokwenda. Akikwambia njaa haimwishi, usingizi unamlemea mchana, uso umekuwa wa duara na tumbo limejaa, lakini vyuma haviongezeki, basi yawezekana ni deksamethasoni iliyochanganywa na saiproheptadini. Hivi ndivyo vile vile vya kunenepesha wanavyouziwa kina dada. Saiproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksamethasoni huhifadhi mafuta, na misuli huila: mapaja na mabega hulegea, akiinuka kitini anajishika magoti. Yaani analipia kile kile anachokikimbia.

Huyu usimwambie aache ghafla. Kama kila kidonge ni miligramu 0.5, viwili vyake kwa siku ni sawa na kiasi cha miligramu 6 hadi 7 za prednisoloni. Ikipita wiki tatu hivi, tezi zilizo juu ya figo huenda zimeshalala, hazitoi kotisoli, homoni yake mwenyewe ya aina hiyo hiyo. Akikata siku moja, kisha akapata homa au kuharisha, anaweza kutapika, presha ikashuka na akazirai. Mpeleke kwa daktari na kifuko chake mkononi, apimwe presha na sukari, apangiwe kupunguza kidogo kidogo.

Dalili zikiwa nyengine, dawa nayo ni nyengine. Nguvu zimepanda kweli, chunusi zimejaa mgongoni na mabegani, hasira ziko karibu, na nyuma ya chuchu kuna kivimbe kigumu kinachouma akikigusa. Hapo fikiria methandienoni, steroidi ya kujenga misuli inayofanya kazi kama homoni ya kiume, au mwenzake. Hiyo huachwa mara moja. Mwambie lakini kitakachofuata: ubongo uliona homoni imejaa ukaacha kuziamrisha korodani, kwa hivyo zimesinyaa na mbegu zimepungua. Kuamka kwake huchukua miezi, pengine hupindukia mwaka. Katikati hapo atachoka, hamu ya tendo itapotea na moyo utakuwa mzito, na ndipo wengi wanaporudia vidonge. Muulize wazi wazi kama anafikiria kujidhuru. Hilo haliaibishi, na jibu lake ndilo linaloamua kama aende hospitali leo.

Sasa ile dawa ya ini aliyoijia. Usimuuzie. Haimkingi wakati kidonge bado anakinywa, na humpa ujasiri wa kuendelea. Mwangalie weupe wa macho, muulize mkojo kama umekuwa rangi ya chai ya rangi, kama mwili unawasha au choo kimepauka. Kimoja tu kikiwepo, aende Mnazi Mmoja siku hiyo hiyo; akiwa Pemba, Abdalla Mzee au Chake Chake.

Asipokuwa nacho, apime damu, ila apumzike vyuma wiki moja kwanza. ALT na AST, vipimo vya ini, hutoka pia kwenye misuli iliyochoshwa, na aliyefanya miguu jana huweza kuambiwa ini limeharibika ilhali ni mapaja yake. Kwa hivyo aombe na GGT na bilirubini, ambazo hazitoki kwenye misuli. Presha pia, na wingi wa damu: hematokriti ikipita asilimia 54, damu imekuwa nzito na hatari ya kuganda ipo.

Anayejidunga muulize sindano, na pia kichupa, kwa sababu wenye sindano zao mpya bado huchovya kichupa kimoja, na homa ya ini B hupitia hapo.

Kwa kreatini sina ugomvi, ikiwa figo zake ni nzima: gramu 3 hadi 5 kwa siku, na wakati wa Ramadhani aichanganye baada ya futari, anywe maji mpaka daku. Aitaje tu maabara, kwani hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini bila figo kuwa na tatizo.