Gunia 32 kwa ekari, uhakika asilimia mia: tangazo la mbegu nilivyolipima kabla halijatoka

Kazi yangu ni kusoma matangazo ya wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa kabla hayajaenda redioni, kwenye mabango au kwenye statasi za WhatsApp. Ikifika Oktoba meza yangu hujaa matangazo ya maduka ya pembejeo, kwa sababu mvua za Novemba zinakaribia na kila duka linataka mkulima aanzie kwake. Moja lililotoka Uyole lilisomeka hivi: "Mbegu ya mahindi bora kuliko zote Nyanda za Juu Kusini! Bei ya chini kuliko duka lolote Mbeya! Gunia 32 kwa ekari, uhakika asilimia 100!"

Mistari mitatu, na kila mmoja una dai linalohitaji ushahidi wake. Nilianza na gunia 32, maana hilo ndilo dai ambalo mkulima atalipigia hesabu. Akiamini gunia 32 anakodi ekari tatu badala ya mbili, anakopa kikoba hela ya mbolea, na anaahidi marejesho kwa mavuno ambayo bado hayapo.

Nilimwomba mwenye duka karatasi alikoitoa namba hiyo. Akaleta kipeperushi cha kampuni ya mbegu, kimeandikwa "uwezo wa mavuno: tani 8 kwa hekta". Hesabu ya aliyeandika tangazo ilikuwa sawa. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo tani 8 kwa hekta ni kama kilo 3,240 kwa ekari, yaani gunia 32 za kilo 100. Kilichopotea njiani ni neno "uwezo". Uwezo wa mavuno ni kile mbegu inachoweza kutoa ikipata nafasi sahihi ya kupandia, mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa kipimo, palizi kwa wakati, viwavijeshi wakidhibitiwa na mvua ikikaa vizuri. Kutoka "inaweza kufikia" hadi "uhakika" ni hatua ndefu, na katika karatasi yote hapakuwa na sentensi inayoiunga mkono.

Kisha kuna swali la wapi. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wanunuzi wa duka hilo wanatoka pia Mbarali, kwenye bonde la Usangu lililo chini sana ya hapo, na wengine Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi. Mbegu ya muda mrefu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu, zenye baridi, haiwezi kuahidiwa mavuno yaleyale kwenye joto la Kyela. Kipeperushi chenyewe kilitaja mwinuko mbegu inakofaa, kwa maandishi madogo ukurasa wa nyuma. Tangazo halikuutaja kabisa.

Na gunia lenyewe ni gunia gani? Mkulima mmoja anapima kwa mizani, mwingine kwa debe, na lumbesa bado ipo ingawa imepigwa marufuku. Unyevu nao unacheza na namba. Mahindi kilo 3,200 yaliyovunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa mpaka asilimia 13.5 ili yahifadhike, yanabaki kama kilo 2,960. Gunia mbili na zaidi zimepotea, na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana namba ya mavuno isiyosema kilo ngapi kwa gunia na mahindi makavu kiasi gani mimi siiruhusu ipite, hata kama chanzo chake ni cha kuaminika.

Mwenye duka alinijibu kwa hoja nzito: "Kaka, mkulima wangu hasomi tani kwa hekta. Anasoma gunia kwa ekari." Yuko sahihi. Kumrudishia mkulima tani na hekta ni kumficha ukweli kwa namna nyingine. Tukakubaliana gunia zibaki, ila namba itoke kwa wakulima wa eneo lake. Alikuwa na wateja wanne wa pale Uyole walioandika mavuno yao msimu uliopita. Wawili walipima kwa mizani baada ya kukausha, mmoja gunia 17 na mwingine 21. Wengine wawili walihesabu kwa debe, hao tukawaacha. Ushahidi wa watu wawili ni mdogo, na tangazo likaeleza wazi kwamba ni wawili.

Kuna wanaodhani neno "hadi" linaponya kila kitu: "hadi gunia 32". Haliponyi. Msikilizaji wa redio akiwa kwenye bajaji anasikia 32, basi. Maandishi madogo chini ya bango nayo hayafuti kichwa cha habari, na redioni hayo maandishi hata hayapo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza tangazo linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Kusema kwamba hukukusudia hakumsaidii mtu aliyekwisha kupanda.

Bei ilikuwa kazi fupi. Pakiti ya kilo 2 dukani kwake ilikuwa shilingi 15,000, sawa na 7,500 kwa kilo. Duka la pili barabara hiyohiyo liliuza mfuko wa kilo 10 wa mbegu ileile kwa 70,000, yaani 7,000 kwa kilo, na ekari moja inakula karibu kilo 10. Dai la "kuliko duka lolote" likaanguka hapo hapo. Hata kama lingesimama siku hiyo, kesho jirani angeshusha bei na bango lingekuwa limeshageuka uongo. Tukaandika bei yenyewe na tarehe yake.

"Bora kuliko zote" nililikata bila majadiliano marefu. "Mbegu bora" inabaki, ndivyo kila mtu anavyoiita mbegu iliyothibitishwa. Kuilinganisha na zote kunahitaji majaribio ya zote, shamba moja, msimu mmoja. Nilikagua na picha: hindi kubwa lililowekwa lilikuwa la aina nyingine ya mbegu, likaondolewa. Picha nayo ni dai.

Ikabaki "uhakika". Hapa huwa nauliza mambo mawili tu: muuzaji anakimiliki kitu anachokiahidi, na kisipotokea analipa nini? Mavuno hayamiliki. Uotaji anaweza kuusimamia, kwa sababu mfuko una lebo yenye namba ya loti kutoka TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na yeye ndiye anayeutunza mbali na jua na unyevu. Akasema yuko tayari kubadilisha mbegu zisizoota. Nikamwuliza kwa siku ngapi, kwa ushahidi gani, na msambazaji wake anajua? Alimpigia simu msambazaji mbele yangu kabla ya kunijibu.

Lililotoka ni hili: "Mbegu bora ya mahindi kwa maeneo ya mwinuko kama Uyole. Pakiti ya kilo 2 ni sh 15,000, bei ya wiki hii. Wakulima wawili wa Uyole walipata gunia 17 na 21 za kilo 100 kwa ekari, mahindi makavu, msimu uliopita. Shamba lako linaweza kutofautiana. Mbegu isipoota, njoo na lebo na risiti ndani ya siku 21 tangu ununue, tutakubadilishia. Unalima Kyela au Mbarali? Tuulize kwanza mbegu inayofaa kwako."

Nakala yake, kipeperushi na daftari la mavuno viko kwenye faili moja dukani. Mstari wa bei unabadilishwa kila Jumatatu asubuhi.