Mabegi 25 yaliyobaki: uyauze kwa hasara au usubiri Januari?

Ifikapo Machi, si ajabu kukuta duka la mtaani bado limening'iniza mabegi ya shule mlangoni, yamevishwa nailoni na vumbi limeanza kukaa. Tuchukue mfano wa mama mwenye duka aliyeleta mabegi 40 mwezi Desemba, kila moja kwa shilingi 22,000. Shule zilipofunguliwa aliuza 15 kwa 30,000 kila moja, kisha wateja wakakata. Sasa anatokea mnunuzi anayetaka yote 25 yaliyobaki kwa 15,000 kila moja. Mama anamjibu: "Siwezi, mimi mwenyewe nimenunua 22,000."

Jibu hilo tunalisikia kila tunapotoa mafunzo kwa wafanyabiashara wadogo, na tatizo lake ni kwamba linatazama nyuma. Ile 22,000 imeshatoka. Akiuza leo, imetoka. Akisubiri Januari, imetoka. Panya wakiyatafuna stoo, imetoka vilevile. Pesa ambayo huwezi kuirudisha kwa uamuzi wowote utakaoufanya leo huitwa gharama iliyozama, na kwa kuwa haibadiliki, haiwezi kukusaidia kuchagua njia moja na kuacha nyingine.

Lakini asikimbilie kuiita yote imezama. Kwanza ampigie simu aliyemuuzia kwa jumla. Kama anakubali kuyachukua tena kwa 18,000, basi kilichozama ni 4,000 tu kwa kila begi, na ofa ya 15,000 haina maana. Tuseme amempigia na amekataa.

Swali linalobaki ni hili: shilingi 375,000 za mnunuzi huyu zingefanya kazi gani kama zingekuwa mkononi leo? Faida unayoikosa kwa sababu fedha yako imefungwa mahali pengine ndiyo gharama mbadala. Haina risiti, wala hutaiona kwenye daftari la mauzo, ndiyo maana wengi wanaisahau.

Mama huyu anauza pia mafuta ya kula ya kupima. Tuseme dumu la lita 20 linamgharimu 75,000, na akilimaliza linambakishia faida ya 8,000. Kwa 375,000 anapata madumu matano, yaani faida ya 40,000. Kama yanaisha kwa wiki mbili, fedha hiyohiyo inaweza kuzunguka mara 20 hivi hadi Januari na kuleta 800,000, huku mtaji wa 375,000 ukiwa bado upo.

Linganisha na kusubiri. Mabegi yote 25 yakiuzika Januari kwa 30,000, atapata 750,000 jumla. (Shule hufunguliwa pia Julai, ila wazazi wengi wakati huo hawanunui begi jipya.) Kwa hesabu hii, kuuza leo "kwa hasara" kunamwacha na 1,175,000.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka, kwa sababu hesabu ya mafuta ina mtego. Kama wateja wake wa mafuta ni walewale na hawajawahi kuyakosa dukani, madumu matano ya ziada hayataisha kwa wiki mbili. Yatakaa tu kama mabegi yalivyokaa. Ikizunguka nusu ya mara hizo, faida ni 400,000 na jumla yake 775,000, juu kidogo tu ya mabegi yote kuuzika kwa bei kamili. Ikizunguka robo, jumla inashuka hadi 575,000, na hapo kusubiri kunaweza kumlipa, ili mradi mabegi yasipauke na mtindo usibadilike. Kipimo kizuri ni kujiuliza ni mara ngapi kwa wiki anamwambia mteja "mafuta yameisha". Kama hajawahi, atafute kazi nyingine ya fedha hiyo.

Na kama ana mkopo wa kausha damu, kazi hiyo ameshaipata. Tuseme anadaiwa 375,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Akiulipa leo anaokoa 75,000 kila mwezi, na hahitaji mteja hata mmoja wa mafuta. Katika hali hiyo mimi ningeyauza mabegi leo hii, na hata 13,000 ningeipokea.

Kodi ya fremu aliyolipa miezi sita mbele nayo isiingie kwenye mjadala huu, maana imeshatoka, awe na mabegi au asiwe nayo. Kinachoingia ni nafasi: ule mlango yanaponing'inia ungeweza kubeba ndala au ndoo, vitu vinavyotoka kila siku.

Ile 22,000 aiandike kwenye daftari kama ilivyo, pamoja na hasara ya 7,000 kwa kila begi. Desemba ijayo, kabla hajamlipa muuzaji wa jumla, ndipo itakuwa na la kumwambia: kati ya mabegi 40, yaliyouzika kwa bei nzuri yalikuwa 15.